Umeme wa Betri Unaishia Wapi: Kuchagua Mota ya Roboti Ndogo

Ukimwambia muuzaji wa vipuri kwamba unaunda roboti ndogo ya magurudumu, huenda akakuwekea mezani mota za aina tatu. Ya kwanza ni mota ya brashi, ile inayozunguka mara tu waya zake mbili zinapogusa betri. Mara nyingi imefungwa ndani ya kisanduku cha plastiki cha njano chenye gia. Ya pili ni mota ya hatua, yenye waya nne au zaidi, ambayo haiendi popote mpaka ipewe amri ya kila hatua. Ya tatu ni sevo, kisanduku kidogo chenye waya tatu, kinachogeuza mkono wake hadi pembe uliyoitaja kisha kikabaki hapo. Zote tatu zinaweza kufanywa zizungushe gurudumu, na ndiyo maana wengi huishia kuuliza ipi ina nguvu zaidi.

Kwa roboti inayobeba betri yake yenyewe, swali hilo linapotosha. Ninalopenda watu waanze nalo ni hili: umeme unakwenda wapi roboti inapotembea, inaposimama, na inapokwama? Mota hizi tatu zina majibu yaliyoachana sana, na majibu hayo ndiyo yanayoamua kama roboti itafanya kazi kwa saa sita au kwa saa moja na nusu.

Tuchukue roboti moja na tuipigie hesabu. Ina uzito wa kilo 1, inafuata mstari mweusi kwenye sakafu ya vigae, na mara mojamoja inapanda kijiteremko cha nyuzi 10. Ina magurudumu mawili ya kuendesha, kila moja lina kipenyo cha milimita 65, na gurudumu dogo la nyuma linalojigeuza lenyewe. Tunataka iende sentimita 30 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole sana. Betri ni mbili za 18650, zile za duara zinazopatikana hata ndani ya betri za kompyuta za mkononi, zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine ili zitoe volti 7.4. Zikiwa na uwezo wa miliampea-saa 2200, akiba yote ni kama wati-saa 16. Betri za namna hii hazikaushwi mpaka mwisho, kwa hiyo tuseme tunazo wati-saa 13 za kutumia.

Kwenye vigae, kinachozuia roboti hii ni kidogo sana: kuisukuma kunahitaji nguvu inayolingana na uzito wa gramu 30 hivi. Kwenye mteremko mahitaji yanapanda hadi karibu gramu 200, na mzigo huo unagawanywa kwa magurudumu mawili. Mzingo wa gurudumu ni sentimita 20.4, kwa hiyo ili roboti iende sentimita 30 kwa sekunde kila gurudumu lizunguke karibu mara 88 kwa dakika. Hizo ndizo namba mbili za kushika: mizunguko 88 kwa dakika, na mzigo ambao mara nyingi ni mdogo lakini mara chache unapanda.

Mota ya brashi inaufaa mzigo wa namna hiyo kwa sababu ya jinsi inavyofanya kazi ndani. Koili zake zinazunguka kati ya sumaku, na brashi mbili zinazigusa zikibadilisha mwelekeo wa umeme kila nusu mzunguko. Koili inayozunguka ndani ya sumaku, hata hivyo, ni jenereta pia. Kadiri mota inavyokwenda kasi ndivyo inavyozalisha volti yake inayoipinga ile ya betri, na mkondo unaoingia unapungua wenyewe. Ikiwekewa mzigo inapunguza mwendo, volti ya kupinga inashuka, na mkondo unaongezeka mpaka nguvu itoshe. Yaani mota ya brashi inachota kwenye betri kulingana na kazi iliyopo. Ukikata umeme roboti ikasimama, haili chochote.

Mota ya njano ya kawaida, yenye gia ya 1:48, inaonyesha jambo hili waziwazi. Kwa volti 3 na bila mzigo, inazunguka kama mara 120 kwa dakika na kula miliampea 150. Ukiishika gurudumu lisizunguke, volti ya kupinga inatoweka, kinachobaki ni ukinzani wa koili tu, na mkondo unaruka hadi karibu ampea 1.1. Mota imesimama, haifanyi kazi yoyote, na wati 3 na zaidi zinageuka kuwa joto ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Jambo hili ni rahisi kulipima, na kila anayeunda roboti angelipima kabla ya kukata plastiki yoyote. Weka mita ya umeme kwenye kipimo cha ampea 10, waya mwekundu kwenye tundu lake la 10A, kisha ipitishe kati ya betri na mota. Kwanza inua roboti magurudumu yazunguke hewani, usome. Halafu iweke chini itembee, usome tena. Mwisho bana gurudumu kwa vidole kwa sekunde moja tu, usome mara ya tatu, uachie. Roboti yenye afya itakuonyesha kitu kama 0.15 hewani, 0.20 hadi 0.25 sakafuni, na zaidi ya ampea nzima ikibanwa. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ndiyo gharama ya kutembea. Ikiwa kubwa sana, mota haina kosa. Tafuta nywele zilizojizungusha kwenye ekseli, gurudumu la nyuma lililokaza, au gurudumu linalosugua fremu.

Kwa roboti yetu, basi, tukadirie robo ampea kwa kila mota kwa volti 3 hivi, volti inayotosha kwa mizunguko 88. Hiyo ni karibu wati 0.75 kila moja, wati 1.5 kwa mbili. Tukiongeza upotevu mdogo wa njiani, na nusu wati ya bodi na vihisi vya mstari, tunapata wati 2.1. Akiba yetu ya wati-saa 13 inatupa saa 6.

Sasa tuje kwenye mota ya hatua. Hapa wengi huvutwa na usahihi wake, na ni kweli kwamba ni sahihi. Haina brashi. Ina koili zilizotulia pembezoni na sumaku inayozunguka katikati. Bodi inawasha koili kwa zamu, na sumaku inafuata, hatua moja kwa kila badiliko. Ukihesabu hatua, unajua gurudumu limegeuka kiasi gani bila kihisi chochote. Ile ndogo ya bei nafuu, 28BYJ-48 ya volti 5, ina gia ndani inayofikisha hatua 2048 hivi kwa mzunguko mmoja. Kwenye gurudumu letu, kila hatua ni sehemu ya kumi ya milimita.

Gharama yake iko kwenye betri. Mota ya hatua haina njia ya kupunguza mkondo mzigo ukiwa mdogo. Koili zinawashwa kikamilifu ipande mteremko au iende kwenye vigae, na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba zinabaki zimewashwa hata roboti ikisimama, kwa sababu kuishikilia sumaku mahali pake ndiyo kazi yenyewe. Koili ya 28BYJ-48 ina ukinzani wa omu 50 hivi, mbili huwashwa kwa pamoja, na kila mota inakula karibu wati 1 muda wote.

Wati 1 si nyingi, na mtu anaweza kuilinganisha na ile 0.75 ya mota ya brashi akasema tofauti ni ndogo. Hapo ndipo ninapoomba tuache kuhesabu wati na tuhesabu umeme wa kila mita inayotembewa. 28BYJ-48 ya volti 5 inakomea kwenye mizunguko 15 hivi kwa dakika. Ukiiharakisha zaidi inaanza kukosa hatua. Mizunguko 15 kwenye gurudumu la milimita 65 ni sentimita 5 kwa sekunde. Wati moja kwa sekunde moja ni juli moja, kwa hiyo roboti ya brashi inayotumia wati 2.1 na kwenda sentimita 30 kwa sekunde inalipa juli 7 kwa kila mita. Roboti ya 28BYJ-48 inatumia wati 2 za mota na nusu wati ya bodi, inakwenda sentimita 5, na inalipa juli 50 kwa mita. Kwa betri zilezile, ya kwanza inaweza kwenda zaidi ya kilomita 6 na nusu kabla ya kuzima. Ya pili haifiki kilomita 1. Na hapo tumechukulia kwamba volti 7.4 zimeshushwa hadi 5 bila kupoteza chochote.

Atakayesema basi achukue mota ya hatua kubwa zaidi atakuwa anafikiria ile ya NEMA 17, ya mraba wa milimita 42, inayoonekana kwenye mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Mizunguko 88 ni rahisi kwake. Lakini kila moja ina uzito wa gramu 300 hivi, kwa hiyo mbili zinaongeza zaidi ya nusu ya uzito wa roboti yetu. Chukua mota ya ampea 1.5 yenye koili za omu 1.6: joto la koili pekee ni wati 3.6, kwa mbili wati 7.2, iwe inatembea au imesimama mlangoni ikingoja. Ukijumlisha na vilivyobaki, wati 8 zinamaliza akiba yetu kwa saa moja na nusu hivi. Tena draiva yake iliyozoeleka, A4988, inahitaji angalau volti 8. Betri zetu mbili zikijaa zina 8.4, na muda mfupi tu baada ya kuanza kazi zinashuka chini ya hapo. Mota inaanza kwa uzuri, halafu inalegea bila sababu inayoonekana, na mtu anamaliza jioni nzima akitafuta kosa kwenye programu. Mota hizo zinataka betri tatu.

Kuna roboti moja ya magurudumu, hata hivyo, ambayo mimi mwenyewe ningeiwekea 28BYJ-48 bila kusita: ile inayochora kwa kalamu. Hii haina haraka, inakaa kwenye karatasi, na kazi yake yote ni kujua imekwenda umbali gani. Ikiwa umbali kati ya magurudumu yake ni milimita 120, kugeuka nyuzi 90 papo hapo kunataka kila gurudumu litembee milimita 94, yaani hatua 945, moja mbele na jingine nyuma. Huhitaji kihisi, unahitaji rula. Ukikosea milimita 1 katika kupima ule umbali wa 120, kona itakosewa kwa robo tatu za nyuzi moja, na mraba unaochora hautafungika vizuri. Unarekebisha namba moja kwenye programu na kujaribu tena. Ni kazi inayofurahisha sana, na kwa mtoto anayejifunza jiometri sijui chombo kilicho bora zaidi.

Hata hapo usiiachie ile njaa ya kusimama. Maktaba ya `Stepper` ya Arduino ikimaliza kuzungusha inaziacha koili zikiwaka. Kama draiva yako imeunganishwa kwenye pini 8 hadi 11, ongeza mstari huu baada ya kila mwendo unaofuatwa na pumziko:

```
for (int p = 8; p <= 11; p++) digitalWrite(p, LOW);
```

Gia za ndani zina ukinzani wa kutosha kuishikilia roboti nyepesi mahali pake pasipo umeme. Utajua umefanikiwa kwa kugusa: mota iliyokuwa moto baada ya dakika kumi za kungoja itabaki baridi.

Kasoro nyingine ya mota ya hatua haionekani kwenye betri bali kwenye imani. Ikizidiwa, kwa mfano gurudumu likigonga ukingo wa kigae, sumaku inashindwa kufuata na hatua zinapotea. Unasikia mota ikiguguma, gurudumu linatetemeka mahali pamoja, lakini programu inaendelea kuhesabu kana kwamba roboti inatembea. Kuanzia hapo kila pembe na kila umbali ni wa uongo, na hakuna kitu ndani ya roboti kinachojua.

Sevo ni jambo jingine. Ukifungua ile ndogo ya gramu 9 inayoitwa SG90 utakuta mota ya brashi, gia, kipima pembe kilichofungwa kwenye ekseli ya mwisho, na kibodi kidogo. Kibodi kinapokea mapigo 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 maana yake ni katikati, na pigo fupi au refu zaidi linaupeleka mkono upande mmoja au mwingine. Kinalinganisha pembe iliyoamriwa na ile iliyopimwa, na kuiwasha mota mpaka zilingane. Ikifika bila kubebeshwa mzigo, inatulia na kula miliampea chache tu. Ikibebeshwa mzigo unaovuta mkono chini, inanguruma na kula muda wote, kwa sababu inapigana na uzito huo bila kupumzika.

Kwa kuwa sevo ya kawaida inageuka kama nyuzi 180 tu, kwenye gurudumu hutumika ile iliyotengenezwa izunguke bila kikomo, kama FS90R. Kipima pembe kimeondolewa, na sasa pigo la milisekunde 1.5 linamaanisha simama, mengine yanamaanisha mbele au nyuma kwa kasi fulani. Inafika mizunguko 100 hivi kwa dakika, inatosha kwa roboti yetu, na haihitaji draiva: waya mbili za umeme, mmoja wa amri. Kwa darasa la wanaoanza, urahisi huo una thamani kubwa. Kwenye betri inakaribiana na mota ya brashi, maana ndani ndiyo hiyohiyo.

Kinachosumbua ni kusimama. Sehemu ya kusimama haiko kwenye 1.5 kamili, inatofautiana kati ya sevo mbili za mfuko mmoja, na inaweza kuhama kadiri zinavyopata joto. Roboti iliyoamriwa kusimama inatambaa polepole kuelekea ukingo wa meza. Dawa ni kukata mapigo kabisa kwa `detach()` badala ya kutuma 1.5. Na zaidi ya hapo, ile akili ya sevo ya kujua pembe imeshatolewa. Umebaki na mota ya brashi yenye draiva ndogo usiyoweza kuibadilisha. Sevo nzima, isiyoguswa, naiweka mahali pake pa kweli: kugeuza usukani, kufungua kucha za kushikia, kuzungusha kihisi cha umbali kushoto na kulia. Tena ukipanga mkono wake ili uzito ukae kwenye fremu na si kwenye gia, utaokoa umeme mwingi kuliko utakavyookoa kwa kununua sevo ya bei ghali.

Kwa roboti yetu inayofuata mstari, jibu ni mota mbili za brashi zenye gia. Lakini kuchagua mota bila kuchagua draiva ni nusu ya kazi, na hapa ndipo roboti nyingi zinapopoteza betri bila wenyewe kujua. Bodi nyekundu ya L298N iko kila mahali, ni imara, na ni ya teknolojia ya zamani. Umeme unaopita ndani yake unaacha karibu volti 2 njiani, na volti hizo zinatoka kama joto kwenye lile bati jeusi lililosimama juu yake. Kwa mashine ya volti 24 hiyo si hasara kubwa. Kwa betri ya 7.4 ni zaidi ya robo. Draiva ndogo za kisasa zaidi, kama TB6612FNG au DRV8833, zinapoteza sehemu ndogo tu ya volti moja kwa mikondo hii yetu. Kwa mota zilezile na betri zilezile, kubadili draiva peke yake kunaweza kuisogeza roboti yetu kutoka saa 4 na kidogo hadi zile saa 6. Kipime mwenyewe: gusa lile bati baada ya dakika tano za kutembea. Joto unalolisikia kidoleni lilikuwa liende kwenye magurudumu. Kwa draiva isiyopoteza volti, lakini, kumbuka kwamba mota za njano hazitakiwi kupewa zaidi ya volti 6, kwa hiyo programu isiziwashe zaidi ya asilimia 70.

Gia nayo ina neno lake. Mota ya brashi inafanya kazi kwa ufanisi ikizunguka haraka kwa mzigo mwepesi. Ikizunguka taratibu kwa mzigo mzito inafanana na mwendesha baiskeli anayepanda mlima kwa gia nzito. Joto la koili linaongezeka kwa mraba wa mkondo, yaani mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Kama roboti yako itakwenda sentimita 10 kwa sekunde na kubeba mzigo, usiibane mota ya 1:48 kwa programu mpaka ikwame. Nunua ya 1:120, iliyo kwenye kisanduku kilekile cha njano, uiache izunguke.

Mota ya brashi ina udhaifu wake, na ni wa haki kuutaja. Haijui imekwenda wapi. Mota mbili za mfuko mmoja hazilingani, na roboti iliyoambiwa iende moja kwa moja itapinda. Kwa roboti ya kufuata mstari hili halina uzito, maana mstari wenyewe unairekebisha mara nyingi kila sekunde. Ndiyo sababu moja ya kuipenda mota hii kwa kazi hii. Kwa roboti isiyo na mstari, weka enkoda: kisahani chenye matundu 20 kwenye ekseli na kihisi cha mwanga kinachoyahesabu. Kila tundu ni sentimita 1 ya safari. Haifikii mota ya hatua kwa usahihi, lakini ina kitu ambacho mota ya hatua haina, kwamba inahesabu kilichotokea na si kilichoamriwa.

Brashi pia hutoa cheche ndogo, na cheche hizo huchafua umeme wa vihisi. Ukiona namba za kihisi zikirukaruka mota zinapowaka tu, kausha lehemu ya kapasita moja ndogo, iliyoandikwa 104, kati ya vituo viwili vya kila mota, karibu kabisa na mota yenyewe.

Dalili nyingine hutokea wakati wa kuondoka au wa kukwama: roboti inashtuka, taa zinafifia, halafu programu inaanza upya kutoka mwanzo. Mara nyingi watu huilaumu bodi. Kilichotokea ni kwamba mota zote mbili zilikuwa zimesimama, kila moja ikadai zaidi ya ampea, na volti ya betri ikaporomoka chini ya ile bodi inayohitaji. Betri ya mraba ya volti 9, ile ya kwenye vipima moshi, karibu kila mara huleta tatizo hili, kwa kuwa ina ukinzani mkubwa wa ndani. Inatosha kuendesha saketi ya miliampea chache, si magurudumu. Programu nayo inaweza kusaidia kwa kuongeza kasi pole kwa pole kwa robo sekunde badala ya kuwasha mota kwa mara moja.

Wenye kuokoa vipuri kwenye printa zilizokufa watapata mota za brashi na za hatua ndani ya mashine moja. Hesabu waya zinazoingia kwenye mota yenyewe: mbili ni ya brashi, nne au zaidi mara nyingi ni ya hatua. Zungusha ekseli kwa vidole. Ya hatua ina vikwazo vidogo unavyovihisi kimoja baada ya kingine. Angalia volti iliyoandikwa pembeni kabla ya kufurahi, kwa maana nyingi zimetengenezwa kwa volti 12 au 24, na kwa 7.4 zitazunguka kivivu.

Kazi moja imebaki kwa atakayechagua mota ya brashi, na ni ya kuandika kwenye programu kabla ya roboti kuwekwa chini mara ya kwanza. Kukwama ndiko kunakomaliza betri haraka kuliko kitu kingine chochote. Mota mbili zilizobanwa chini ya kiti zinakula mara nne au zaidi ya zinapotembea, na zinaweza kuungua kabla mtu hajazikuta. Kama una enkoda, iambie programu kwamba ikiwa mota imewashwa na hakuna tundu lililopita kwa nusu sekunde, ikate umeme, irudi nyuma kidogo, ijaribu tena mara moja, kisha isimame kabisa na kuwasha taa. Kama huna enkoda, tumia vihisi vya mstari: roboti iliyo hai haisomi namba zilezile, bila mabadiliko hata kidogo, kwa sekunde mbili mfululizo.